Jani Moja, Majina Matano: Lebo Potofu na Mashine Zinazojifunza Kutokana Nazo

Shina la muhogo lenye majani yaliyobadilika rangi linaweza kuwa linaumwa na mambo kadhaa. Huenda ni batobato, ugonjwa wa virusi unaolipaka jani mabaka ya njano na kulikunja mpaka likapoteza umbo lake. Huenda ni michirizi ya kahawia, nao ni wa virusi, ila jani halikunjamani. Unjano wake huambaa kando ya mishipa, hasa kwenye majani ya chini yaliyokomaa, huku uharibifu mkubwa ukiwa umejificha ardhini, ambako mzizi unaingia uozo mkavu wa kahawia. Huenda ni utitiri wa kijani, kidudu kinachofyonza majani machanga na kuyaachia vidoa vingi vyenye rangi hafifu. Huenda ni bakteria. Na huenda ni mawili kwa pamoja, kwa kuwa virusi vya batobato na vya michirizi husambazwa na mdudu yule yule, nzi mweupe.

Mkulima mzoefu huamua kwa kuzunguka shina zima. Hufunua majani ya chini, hukagua gome, na akiwa bado ana shaka hung'oa mzizi mmoja na kuukata. Mtu aliyekaa mbele ya kompyuta akiwa na picha ya jani moja iliyopigwa kwa simu hana nafasi hiyo. Anatakiwa achague jina moja katika orodha ya majina matano, kisha aende kwenye picha inayofuata. Jina alilochagua ndilo lebo. Kompyuta inayofunzwa kutambua magonjwa haitajua lolote kuhusu picha hiyo zaidi ya lebo hiyo, na haina njia ya kumuuliza aliyeiweka alikuwa na uhakika kiasi gani.

Mfano huu wa muhogo ni wa kweli. Mwishoni mwa mwaka 2020, kupitia jukwaa la mashindano la Kaggle, maabara ya akili unde ya Chuo Kikuu cha Makerere ilitoa hadharani zaidi ya picha 21,000 za majani ya muhogo kutoka Uganda. Nyingi zilipigwa na wakulima wenyewe mashambani mwao, na lebo ziliwekwa na wataalamu wa taasisi ya taifa ya utafiti wa mazao iliyoko Namulonge, karibu na Kampala. Makundi yalikuwa matano: bakteria, michirizi ya kahawia, utitiri wa kijani, batobato, na mmea wenye afya. Batobato peke yake ilichukua picha 13,158, zaidi ya nusu ya zote. Bakteria ilipata 1,087 tu.

Maelfu ya watu duniani kote walishindana kujenga modeli bora. Wengi wao hawakuwahi kuona shamba la muhogo, lakini baada ya wiki chache za kukodolea picha walianza kulalamika kwamba baadhi ya lebo haziendani na kinachoonekana. Jani linaloonekana zima limeandikwa gonjwa, na gonjwa limeandikwa zima. Waliofika kileleni mwa mashindano, mwanzoni mwa mwaka 2021, walirundikana wote karibu na asilimia 91. Mbinu mpya juu ya mbinu mpya zilileta tofauti ya sehemu ndogo ya asilimia moja.

Isieleweke kwamba wataalamu wa Namulonge walifanya kazi mbovu. Seti hiyo ni miongoni mwa zilizo bora kwa zao la Afrika, kwa sababu picha zake zina vumbi, kivuli na vidole vya watu, yaani zinafanana na zile ambazo mkulima atapiga kesho. Tatizo liko kwenye kazi yenyewe. Mmea wenye magonjwa mawili unalazimishwa kupewa jina moja. Dalili ambayo iko kwenye shina au mzizini haimo ndani ya picha. Na mtu ambaye katika kila picha kumi ameona batobato sita, akikutana na picha yenye ukungu, mkono wake utaelekea batobato kabla macho hayajamaliza kutazama.

Sasa, lebo ngapi potofu zinatosha kuiharibu modeli? Jibu linashangaza: inategemea zaidi namna zilivyokosewa kuliko idadi yake.

Tuanze na makosa yasiyo na mpangilio. Chukua picha 100 za michirizi ya kahawia, na tuseme 40 zimepewa lebo zisizo zake, lakini kwa bahati nasibu tu, kumi kumi kwa kila moja ya makundi manne mengine. Arobaini katika mia ni makosa ya kutisha. Hata hivyo, modeli ikitazama picha hizo inaona kwamba majani ya namna hii huitwa michirizi mara 60, na hakuna jina jingine linalozidi mara 10. Jina sahihi linashinda kwa mbali. Mwaka 2017 David Rolnick na wenzake walilijaribu jambo hili kwa ukali zaidi, wakitumia MNIST, seti maarufu ya tarakimu zilizoandikwa kwa mkono. Kwa kila lebo sahihi moja waliongeza lebo 100 za ovyo, na bado modeli ilitambua tarakimu kwa usahihi wa zaidi ya asilimia 90. Gharama yake ni kwamba unahitaji picha nyingi zaidi ili sauti ya kweli isikike.

Sasa tuchukue makosa yenye mpangilio. Picha ni zile zile 100 za michirizi. Sitini zinaonyesha ugonjwa uliokomaa, na zote zina lebo sahihi. Arobaini zinaonyesha ugonjwa unaoanza, unjano hafifu tu kandokando ya mishipa, na kati ya hizo 30 zimeandikwa "nzima" kwa kuwa aliyeweka lebo hakuona kitu. Hesabu ya jumla ni makosa 30 katika 100, pungufu kuliko mfano wa kwanza. Lakini ndani ya kundi la ugonjwa unaoanza, neno "nzima" limetokea mara 30 na "michirizi" mara 10. Modeli haioni kosa hapo. Inaona kanuni: jani la namna hii ni zima. Itaikamata kanuni hiyo kwa bidii ile ile inayoitumia kujifunza mambo ya kweli, na kadiri unavyoiongezea picha za namna hiyo ndivyo inavyozidi kuwa na uhakika.

Madhara yake shambani si ya nadharia. Muhogo hupandwa kwa pingili zilizokatwa kutoka kwenye mashina ya msimu uliopita, na virusi husafiri ndani ya pingili. Ugonjwa unaoanza ndio hasa ambao mkulima angependa simu imwambie mapema, asije akakata mbegu kutoka kwenye shina lile. Modeli tuliyoieleza hapa itamwambia akate.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa fani hii walilithibitisha mwaka huo huo wa 2017. Chiyuan Zhang na wenzake walichukua CIFAR-10, seti ya picha 50,000 za mafunzo za ndege, magari, paka na kadhalika, wakazichanganya lebo zake zote bila kujali picha. Mtandao wa neva wa kisasa uliweza kuzikariri zote, mpaka ukatoa "jibu" lililotakiwa kwa kila picha ya mafunzo bila kukosea. Kwa picha mpya haukujua chochote. Maana yake ni kwamba alama nzuri za mafunzo hazikuhakikishii kuwa lebo ni nzuri. Utafiti uliofuata, ulioongozwa na Devansh Arpit, ulionyesha kwamba kukariri huko kuna mfuatano: mtandao huanza kushika mambo yanayojirudia katika picha nyingi, halafu baadaye ndipo huanza kukariri zile zisizoendana na mengine. Hapo ndipo ilipozaliwa mbinu moja rahisi ya kusaka lebo potofu. Unafuatilia kila picha tangu mwanzo wa mafunzo, na zile ambazo modeli ilizikataa kwa muda mrefu kisha ikazimeza mwishoni, unazitenga ili zikaguliwe.

Mbinu ninayotaka kuieleza kwa kina, hata hivyo, ni nyingine, kwa sababu inatumika sana na msomaji asiye mwanahisabati anaweza kuifuata hatua kwa hatua. Ilitengenezwa na Curtis Northcutt alipokuwa MIT, Marekani, pamoja na wenzake, na imo kwenye programu ya bure iitwayo Cleanlab. Tuijaribu kwenye seti ya kubuni yenye picha 1,000: batobato 600, nzima 120, michirizi 110, utitiri 110 na bakteria 60.

Hatua ya kwanza ni kupata maoni ya modeli juu ya kila picha, lakini modeli ambayo haijawahi kuiona picha hiyo. Kama iliiona ilipokuwa inafunzwa, inaweza kuwa imekariri lebo yake pamoja na kosa lake. Kwa hiyo unaigawa seti katika mafungu matano ya picha 200. Unafunza modeli kwa mafungu manne na kuiuliza juu ya la tano, kisha unabadilishana mpaka kila fungu limepata zamu yake. Mwisho wa zoezi kila picha ina namba tano zinazojumlika kuwa 1, zikieleza modeli inaegemea wapi.

Hatua ya pili ndiyo yenye ujanja. Mtu angedhani inatosha kutazama namba kubwa kabisa, na ikitofautiana na lebo basi lebo ni potofu. Lakini modeli hii imelelewa kwenye batobato tupu. Itataja batobato kwa uhakika mkubwa hata pale ambapo haistahili, na itakuwa na woga kwenye bakteria ambayo imeiona mara chache. Kwa hiyo kila kundi linawekewa kizingiti chake. Unachukua picha zote zenye lebo ya batobato na kutafuta wastani wa namba ambayo modeli iliipa batobato katika picha hizo. Tuseme unapata 0.91. Kwa michirizi unapata 0.55, kwa nzima 0.60. Hivyo ndivyo vizingiti.

Chukua picha yenye lebo "nzima" ambayo modeli imeipa michirizi 0.63, nzima 0.21, batobato 0.10, na makombo kwa mengine. Namba 0.63 imevuka kizingiti cha michirizi, na ile ya nzima haijafika popote karibu na 0.60. Picha hii inashukiwa. Sasa chukua nyingine yenye lebo "michirizi", ambayo modeli imeipa batobato 0.78 na michirizi 0.15. Kwa kanuni ya namba kubwa tungeishuku mara moja. Lakini 0.78 haijavuka 0.91, kwa hiyo tunaelewa kwamba modeli inasema batobato kwa mazoea tu, na picha inaachwa. Bila vizingiti hivi, kazi ya kusafisha ingegeuka kuwa kazi ya kuhamisha kila kitu kwenda kwenye kundi kubwa.

Ukimaliza picha zote unaweza kuzipanga kwenye jedwali, lebo iliyopo upande mmoja na kundi ambalo modeli inalielekea upande wa pili. Mimi naona jedwali hili lina thamani kuliko orodha ya washukiwa yenyewe. Tuseme kati ya picha zenye lebo "nzima", 14 zinaelekea michirizi, wakati kati ya zenye lebo "michirizi" ni 2 tu zinazoelekea nzima. Uchovu au kubonyeza vibaya kungetapanya makosa pande zote. Makosa yanayotiririka upande mmoja yanakuambia kuna kitu ambacho mweka lebo hakioni, au maelekezo aliyopewa yana pengo. Dawa yake ni kurudi kwenye maelekezo, si kusahihisha picha 14 na kuendelea na safari.

Tufanye kwamba kwa jumla washukiwa wametoka 70. Wengi hapa hufanya kosa la kuwafuta wote kwa amri moja. Northcutt, Anish Athalye na Jonas Mueller walipoitumia mbinu hii kwenye seti 10 mashuhuri za kupimia modeli, matokeo yakachapishwa mwaka 2021, waliwaonyesha watu picha na maandishi yaliyoshukiwa. Ni asilimia 51 tu zilizothibitika kuwa na lebo potofu. Nusu nyingine ilikuwa na lebo sahihi au ya kukubalika, ila ni mifano migumu na adimu. Mifano adimu ndiyo inayoifundisha modeli kitu isichokijua. Ukiifuta, utabaki na seti safi inayong'aa na modeli inayojua yale tu yaliyo rahisi. Katika muhogo, kundi litakaloumia kwanza ni bakteria, ambalo tangu mwanzo lilikuwa na picha chache.

Kwa hiyo washukiwa wanapelekwa kwa watu, na namna ya kuwapeleka ina adabu yake. Mkaguzi asioneshwe lebo ya zamani wala maoni ya modeli, kwa sababu atavutwa na mojawapo. Wawe angalau wawili, kila mmoja peke yake. Wapewe kitufe cha "siwezi kusema kwa picha hii", na wakikibonyeza kisichukuliwe kuwa uvivu. Halafu, na hili husahaulika karibu kila mara, wale washukiwa 70 wachanganywe na picha nyingine 70 zilizookotwa bila kuchagua kutoka kati ya zile 930 ambazo modeli haikuzishuku.

Sababu ya hizo 70 za nyongeza ni hii. Tuseme wakaguzi wamekuta lebo potofu 38 kati ya washukiwa. Kazi nzuri, mtu angesema, tumezikamata. Lakini kwenye zile 70 zisizoshukiwa wamekuta 4. Nne katika sabini ni karibu asilimia 5.7, na kiwango hicho katika picha 930 ni kama 53. Sampuli ya picha 70 ni ndogo, kwa hiyo namba hiyo inaweza kuyumba, ila ujumbe wake uko wazi: huenda makosa yaliyobaki yamejificha ni mengi kuliko yaliyokamatwa. Bila zile picha za nyongeza usingelijua hilo, na ungeandika kwenye ripoti kwamba seti imesafishwa.

Zimejifichaje? Rudi kwenye zile picha 30 za ugonjwa unaoanza zilizoandikwa "nzima". Modeli ilijifunza kutoka kwazo kwamba majani ya namna hiyo ni mazima. Ukiiuliza kama lebo zao ni sawa, itajibu kwa uhakika kuwa ni sawa. Kila mbinu inayotumia modeli kukagua lebo ilizofunzwa nazo inaegemea dhana moja, kwamba wengi wamesema kweli. Pale ambapo wengi wamekosea kwa pamoja, mbinu itawashuku wachache waliosema kweli, yaani zile picha 10 zenye lebo sahihi.

Binadamu nao wana mtego wao. Wakaguzi wawili waliosomea mafunzo mamoja wanaweza kukubaliana na wote wakawa wamekosea. Hata makubaliano yenyewe hupimwa vibaya. Ukisikia kwamba waweka lebo wawili walikubaliana kwa asilimia 82, usishangilie bado. Kama kila mmoja angebonyeza batobato mara 6 katika 10 na kugawa zilizobaki sawasawa kwa makundi manne, bila kutazama picha hata moja, wangekubaliana kwa asilimia 40 kwa bahati tu. Kipimo kiitwacho kappa, alichokipendekeza Jacob Cohen mwaka 1960, huondoa bahati hiyo. Unatoa 40 kwenye 82, unapata 42, kisha unagawa kwa 60, ambayo ndiyo nafasi iliyobaki juu ya bahati. Jibu ni 0.70. Ni makubaliano mazuri, lakini si yale uliyodhani uliposikia 82. Na hesabu hii inawezekana tu kama umehifadhi jibu la kila mtu. Miradi mingi huhifadhi jibu la mwisho peke yake, na ushahidi wa kwamba watu walitofautiana unatupwa hapo hapo.

Kinachofanya haya yote yasionekane ni kwamba modeli hupimwa kwa picha zilizowekewa lebo na mikono ile ile. Chukua mtihani wa picha 100 ambamo 8 zina lebo potofu. Modeli inayotambua ugonjwa bila kosa hata moja itapata alama 92, kwa sababu itahukumiwa kuwa imekosa mara nane. Modeli iliyojifunza kasoro za waweka lebo na kuzirudia kama kasuku inaweza kupata 98. Mwandaaji wa mashindano atampa zawadi kasuku. Sidai kwamba ile asilimia 91 ya muhogo ilisababishwa na hili peke yake, lakini watu wengi wenye ujuzi wanaporundikana mahali pamoja na kushindwa kusonga, dari ya lebo ni jambo la kwanza la kuchunguza.

Northcutt na wenzake waliliona hili kwenye seti yenye hadhi kubwa kuliko zote, ImageNet, ambayo picha zake 50,000 za kupimia zimeamua ubora wa modeli kwa zaidi ya miaka kumi. Walikadiria kwamba angalau asilimia 6 ya lebo zake ni potofu. Modeli kubwa iitwayo ResNet-50 humshinda mdogo wake, ResNet-18, kwa lebo za asili. Lakini lebo zikisahihishwa, na uwiano wa picha zilizokuwa na kosa ukiongezeka kwa asilimia 6 tu, mdogo ndiye anayeshinda. Maelezo yao ni kwamba modeli kubwa ina uwezo mkubwa zaidi wa kunasa mienendo ya makosa yenyewe. Mtu anayechagua modeli ya kuweka kwenye simu ya bei nafuu ya mkulima ana sababu ya kulizingatia hilo, maana huenda analipia ukubwa usiomfaa.

Hapa panatokea jambo linalowavunja moyo wanaoanza. Wanasafisha lebo za mafunzo kwa miezi, wanafunza upya, na alama zinashuka. Wanahitimisha kuwa usafi haukusaidia na wanarudi kwenye seti ya zamani. Mara nyingi kilichotokea ni kwamba modeli imeacha kurudia makosa ambayo mtihani bado unayadai. Ndiyo maana mtihani husafishwa kwanza, kabla ya mafunzo, na kwa uangalifu kupita mafunzo. Pia ni kazi ndogo zaidi: picha za mtihani huwa chache.

Kwa muhogo, kuusafisha mtihani kwa macho hakutoshi. Michirizi ya kahawia ilielezwa kwa mara ya kwanza kisayansi na H. H. Storey mwaka 1936, alipokuwa kwenye kituo cha utafiti cha Amani, Usambara, na tangu wakati huo watafiti wa mashariki mwa Afrika wanajua kwamba mmea unaweza kubeba virusi vyake huku majani yakionekana hayana tatizo. Hakuna mtaalamu wa picha, hata awe na macho makali vipi, anayeweza kuweka lebo sahihi kwenye dalili isiyokuwepo. Kipimo cha maabara kinachotafuta vinasaba vya kirusi ndani ya jani kinaweza. Ni ghali kwa picha 21,000. Kwa mashina mia chache ya mtihani kinawezekana: piga picha jani, shina na mzizi, kata kipande cha jani kipelekwe maabara, na lebo itoke huko. Mmea ukikutwa na virusi vya aina mbili, upewe lebo mbili.

Anayekusanya picha za mazao, rekodi za sauti au maandishi ya Kiswahili kwa ajili ya kufunza mashine, na ambaye bajeti yake inatosha kitu kimoja tu cha ziada, asiitumie kununua picha 10,000 zaidi zenye lebo za namna ile ile. Aitumie kwenye mtihani wa mashina mia chache uliothibitishwa kwa njia nyingine isiyokuwa macho ya waliofanya kazi ya kwanza, na ahifadhi jibu la kila mweka lebo, jina la siri la aliyelitoa, na tarehe yake.